VAR haikukataa goli la Aziz Ki: jinsi ya kuandika uamuzi wa video bila kumchanganya msomaji

Usiku wa Aprili 5, 2024, kwenye uwanja wa Loftus Versfeld jijini Pretoria, shuti la Stephane Aziz Ki wa Yanga liligonga mtambaa panya kwa chini, mpira ukadunda karibu na mstari wa goli kisha ukarudi uwanjani. Refa Dahane Beida wa Mauritania hakutoa goli. Mchezo uliisha 0-0, kama ulivyoisha ule wa kwanza kwa Mkapa, na Mamelodi Sundowns wakatinga nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika kwa mikwaju ya penalti 3-2. Tangu usiku ule kauli iliyotawala vijiweni ni kwamba VAR, yaani waamuzi wanaotazama marudio ya picha kwenye chumba cha video, iliikatalia Yanga goli.

Naielewa hasira iliyoizaa kauli hiyo, na kwa picha nilizoziona naegemea upande wa wanaosema mpira ulivuka. Lakini kama habari, kauli hiyo inampoteza msomaji. Kukataa goli ni kuliondoa goli ambalo refa ameshalitoa. Pretoria refa hakutoa goli lolote, kwa hiyo chumba cha video hakikuwa na cha kuondoa. Swali lililokuwa mbele yao lilikuwa jingine: je, tuna picha inayothibitisha kwamba refa amekosea? Kuanzia hapo kila kitu kinasomeka tofauti, na ndiyo maana mwandishi anayeripoti uamuzi wa VAR anatakiwa aanze na jambo ambalo wengi hulisahau kabisa, yaani refa aliamua nini uwanjani kabla ya picha yoyote kutazamwa.

Utaratibu wenyewe uliingizwa kwenye sheria za soka na IFAB, chombo kinachozitunga, mwaka 2018, na moyo wake ni kwamba refa lazima aamue kwanza. Haruhusiwi kusimamisha mpira na kusema sijui, niangalizieni. Wakati wa mechi ile, waamuzi wa video walikagua kimyakimya matukio ya aina nne tu: goli, penalti, kadi nyekundu ya moja kwa moja, na mchezaji kuadhibiwa kwa kosa la mwenzake. Uamuzi wa awali unabaki vilevile isipokuwa picha zionyeshe kosa la wazi, au tukio kubwa ambalo refa hakuliona. Kwa hiyo tukio lile lile, kwa picha zile zile zenye utata, linaweza kuishia kuwa goli au kutokuwa goli kutegemea tu refa alianza na uamuzi gani. Laiti Beida angetoa goli na picha zikawa hazitoshi kumpinga, goli lingesimama. Msomaji asiyeambiwa hivyo ataona mechi mbili zenye matukio yanayofanana zikipewa majibu tofauti, na atahitimisha kwamba timu moja imependelewa.

Hata waamuzi wenyewe wamewahi kuangukia shimo hili. Septemba 30, 2023, Luis Diaz wa Liverpool alifunga dhidi ya Tottenham na mshika kibendera akasema ameotea. Waamuzi wa video walitazama na kuona, kwa usahihi kabisa, kwamba hakuotea. Lakini mwamuzi mkuu wa video alidhani uwanjani goli limetolewa, akamwambia refa kwamba ukaguzi umekamilika. Maneno hayo yana maana moja tu: uamuzi wako ubaki. Refa akaubakisha, na uamuzi wake ulikuwa kuotea. Walipogundua, mpira ulikuwa umeshaanzishwa tena, na sheria hairuhusu kurudi nyuma kwa jambo la namna hiyo. Chombo kinachosimamia waamuzi wa soka la kulipwa England kilikiri kosa na siku chache baadaye kikatoa sauti za mazungumzo yao. Picha zilisomwa sawasawa. Kilichopotea ni ufahamu wa uamuzi wa awali, na hicho hicho ndicho kinachopotea kwenye habari zetu nyingi.

Turudi Pretoria, kwa sababu lalamiko la pili lililosikika sana lilikuwa kwamba refa hakwenda kutazama skrini ya pembeni mwa uwanja. Hapa msomaji anahitaji kutenganishiwa mambo mawili. Kuna maamuzi ya tathmini, kama vile mkono ulikuwa mahali pa kawaida au faulo ilikuwa kali kiasi gani, na hayo refa huitwa ayaangalie mwenyewe kwa kuwa yanategemea uzani wake. Kuna maamuzi ya ukweli mtupu: mchezaji ameotea au hajaotea, faulo ilikuwa ndani au nje ya boksi, mpira umevuka au haujavuka. Haya chumba cha video kinaweza kumpa refa jibu bila yeye kusogea. Tukio la Aziz Ki ni la kundi hili. Kwa hiyo kutokwenda kwenye skrini hakukuwa kuvunja utaratibu.

Ila wanaolalamika nao wana hoja, na mwandishi mwaminifu haiachi nje. Utaratibu huo huo unamruhusu refa kwenda kwenye skrini hata kwa jambo la ukweli mtupu, pale itakapomsaidia kuutuliza mchezo na kuufanya uamuzi ukubalike. Robo fainali ya bara, timu hazijafungana kwa dakika zote za mechi mbili, mpira umedunda mstarini: kama kuna siku ya kutumia ruhusa hiyo, naamini ilikuwa ile. Mwandishi anaweza kusema refa hakukiuka sheria na katika aya hiyo hiyo akasema alikosa busara. Hukumu hizo mbili hazigongani, mradi zisichanganywe kwenye sentensi moja.

Sasa picha yenyewe, maana hapa ndipo wachambuzi wengi huandika kwa uhakika wasio nao. Sheria inataka mpira wote uvuke mstari wote. Mpira wa mechi una mzunguko wa sentimita 68 hadi 70, yaani upana wa takriban sentimita 22. Unapogusa ardhi, unaigusa kwa sehemu ndogo ya katikati, na tumbo lake linatokeza kama sentimita 11 kila upande. Kwa hiyo mpira unaweza kugusa nyasi sentimita 8 nyuma ya mstari, kijani kikaonekana katikati, na bado tumbo lake likawa limening'inia juu ya mstari. Hilo si goli. Picha iliyopigwa kutoka juu kabisa ingelionyesha wazi, lakini kamera iliyo chini, mbele ya goli, haionyeshi. Tena, kamera ikiwa upande wa katikati ya uwanja huku mpira ukiwa hewani, jicho hudanganywa na kuuona mpira umeingia ndani zaidi ya ulivyo, kwa sababu mstari wa macho hupita kwenye mpira na kwenda kutua ardhini mbali zaidi.

Kuna suala la muda pia. Mpira unaokwenda kilomita 72 kwa saa husafiri mita 20 kila sekunde. Kamera inayopiga picha 50 kwa sekunde itauona mpira huo kila baada ya sentimita 40, umbali unaokaribia mara mbili ya upana wake. Nukta muhimu inaweza kuangukia kati ya picha mbili. Teknolojia ya mstari wa goli, ile inayotetemesha saa ya refa ndani ya sekunde moja, ilitengenezwa kwa tatizo hili hasa, na ni kitu tofauti na VAR. Mashindano yale hayakuwa nayo. Anayeandika kwamba teknolojia ilishindwa pale Pretoria anailaumu mashine ambayo haikuwepo, wakati lawama nzito zaidi, na mimi naiona ya haki, ni kwamba mashindano makubwa kiasi kile yalichezwa bila mashine hiyo.

Wapo waandishi wenzangu wanaopinga ufafanuzi wa namna hii, na pingamizi lao lina uzito. Wanasema shabiki aliyelala na uchungu hataki darasa la pembe za kamera. Anataka kuambiwa, goli au si goli. Wanaongeza kwamba maelezo marefu ya utaratibu huwa kichaka cha waamuzi: kila kosa hupata kifungu cha kulifunika, na mwandishi anageuka msemaji wao. Nimesoma habari za aina hiyo, zilizojaa vifungu na zisizo na jibu, na nakubali kwamba zinamkimbia msomaji.

Hata hivyo dawa ya hilo ni mpangilio. Weka tukio, kisha uamuzi wa uwanjani, kisha VAR ilifanya nini, na hukumu yako iwe mwisho, ikiwa imetajwa kuwa ni yako. Kwa tukio la Aziz Ki, aya nzima ingeweza kusomeka hivi:

"Shuti la Aziz Ki liligonga mtambaa panya na kudunda karibu na mstari. Refa Beida hakutoa goli, na VAR haikubadilisha uamuzi wake. Mashindano haya hayana teknolojia ya mstari wa goli, hivyo waamuzi walitegemea kamera za kawaida. Kwa marudio tuliyoyaona kwenye televisheni, mpira unaonekana kuvuka wote, na tunaamini Yanga walistahili goli."

Ni sentensi nne. Msomaji anayetaka jibu analipata, tena bila kumung'unya maneno, na anajua ni jibu la nani. Shabiki wa Sundowns anaweza kuipinga sentensi ya mwisho bila kuhisi amedanganywa kwenye zile tatu za mwanzo. Kichwa cha habari kitakuwa "VAR haikubadilisha uamuzi" au "Yanga wanyimwa goli Pretoria". Cha pili ni kikali na ni maoni, lakini angalau hakisemi kwamba chumba cha video kilifanya kitu ambacho hakikufanya. Neno ningeliondoa kabisa ni "VAR imethibitisha si goli". Kushindwa kupata ushahidi kwamba mpira ulivuka si sawa na kupata ushahidi kwamba haukuvuka, na ukaguzi wa kimya hausemi ni lipi kati ya hayo mawili lilitokea.

Hapo ndipo kazi ya mwandishi inapotoka kwenye kalamu na kwenda kwenye simu. Wakati sauti za chumba cha video hazijatolewa hadharani, maswali ya kuwauliza waandaaji wa mashindano ni machache na yanajibika: chumba kilikuwa na kamera ngapi zinazotazama mstari ule wa goli, je, kulikuwa na hata moja iliyosimama sambamba na mstari wenyewe, na waamuzi wa video walimwambia refa kwamba mpira haukuvuka au kwamba hawawezi kuthibitisha?