Saa ya deni ya Berlin, na braza wangu wa Githurai

Jana nimepitia tena pale kwenye ile saa. Hapa Berlin, karibu na bunge lao, chama cha walipa kodi kimeweka ubao wa taa nje ya ofisi, hausemi ni saa ngapi, unaonyesha deni la Ujerumani yote. Namba kubwa inasonga ukiitazama, ni zaidi ya trilioni mbili za yuro, halafu kuna mstari mdogo unaosema deni linaongezeka yuro ngapi kwa kila sekunde. Nilikuwa na mfanyakazi mwenzangu, Mjerumani, akasimama akatikisa kichwa kama mtu aliyefiwa. Nikamuuliza kwani kuna nini, akaniambia tunawaachia watoto mzigo. Nilitaka kucheka lakini nikajizuia, maana kwetu Kenya ukimwambia mtu deni limepanda atakuuliza kama unga pia umepanda.

Lakini ile saa imenimalizia ubishi mmoja ambao umenichosha kwenye grupu letu la familia tangu 2024. Kila mara waziri akisema nakisi ya bajeti imepungua, mjomba anaandika "waongo hao, deni si limeongezeka?" na binamu mwingine anamjibu "serikali imepunguza deni, shukuruni." Wote wawili hawajaelewa, na mimi nikisema hivyo naambiwa nimekuwa mzungu. Sawa, niiteni mzungu, lakini nisikilizeni.

Namba kubwa ya ile saa ndiyo deni la taifa, yote ambayo serikali imekopa tangu zamani na haijalipa. Ule mstari wa sekunde ndio nakisi, kile kipande ambacho matumizi yamezidi mapato na lazima kikopwe sasa. Moja ni umbali ambao umeshatembea, nyingine ni spidi. Ukipunguza spidi kutoka 100 hadi 60 bado unaenda mbele. Ndiyo maana waziri anaweza kusema kweli kabisa kwamba nakisi imepungua na mjomba naye akasema kweli kabisa kwamba deni limepanda, siku hiyohiyo. Ili namba yenyewe irudi nyuma hutakiwi kupunguza nakisi tu, unatakiwa ubakiwe na pesa, mapato yazidi matumizi. Wajerumani walifika huko. Januari 2018 saa hii ilianza kurudi nyuma kwa mara ya kwanza tangu iwekwe 1995, yuro 78 kila sekunde.

Sasa niwape ya nyumbani kabisa. Braza wangu yuko Githurai, anapata 38,000 kwa mwezi na anatumia 45,000. Nakisi yake ni 7,000, na anaijaza kwa mwenye duka, kwa chama, na kwangu. Akiendelea hivyo mwaka mzima amejilimbikizia deni la 84,000 hata kabla ya riba. Mwezi mmoja akanipigia kwa furaha, braza nimejikaza, mwezi huu nimepungukiwa na 4,000 tu. Nikampongeza, anastahili. Lakini kwenye kitabu cha mwenye duka jina lake halikufutwa, liliongezewa 4,000.

Kuna sehemu moja ambayo hata wanaojua huwa wanateleza. Deni linaweza kubadilika bila nakisi kuhusika kabisa. Januari 2024 braza alikuwa ananidai, hapana, mimi namdai yuro 500, na wakati ule yuro moja ilikuwa kama shilingi 174, kwa hiyo kwake lilikuwa deni la 87,000. Kufika Juni yuro ikashuka hadi kama 138 na deni likawa 69,000. Hajanilipa hata senti! Elfu 18 zimeyeyuka kwa sababu shilingi ilipata nguvu. Serikali nayo ilipitia hivyohivyo, dola ilitoka karibu 160 hadi kama 129, na nusu ya deni letu hivi ni la nje. Ndiyo maana kati ya Juni 2023 na Juni 2024 deni lilitoka kama shilingi trilioni 10.3 hadi 10.6 tu, yaani nyongeza ya bilioni 300 hivi, wakati nakisi ya mwaka ule ilikuwa kama asilimia 5 ya pato la taifa na ni zaidi ya mara mbili ya hizo. Pesa zilikopwa kweli, ila deni la zamani la dola lilisinyaa kwenye hesabu ya shilingi. Siku shilingi ikianguka inakuwa kinyume, deni linapanda na hakuna hata barabara moja iliyojengwa.

Na ile Yurobondi, mkopo wa dola kutoka kwa wawekezaji wa nje, iliyotupa presha Februari 2024? Tulikopa dola bilioni 1.5 kwa riba ya asilimia 9.75, nyingi zikaenda kulipa mapema ile ya 2014 iliyokuwa na riba ya 6.875. Watu wakapiga kelele ati deni limeongezeka. Kukopa kwa Peter kumlipa Paul hakuongezi deni. Kilichoongezeka ni riba, kwa kila dola bilioni moja unalipa karibu milioni 29 zaidi kila mwaka, na riba inakaa kwenye matumizi, kwa hiyo inanenepesha nakisi ya mwaka unaofuata. Yaani deni la jana ndilo linazaa nakisi ya kesho. Hapo ndipo mnapaswa kukasirika.

Najua kuna mtu anaandika sasa hivi, "Ujerumani wenyewe wanadaiwa mara thelathini kutushinda." Kweli kabisa, karibu hivyo. Lakini wao mwaka huohuo wa 2024 walikuwa wanakopa miaka kumi kwa riba ya chini ya asilimia 3, na wanakopa kwa pesa yao wanayopatia mapato. Sijasema wao ni malaika. 2009 waliandika kwenye katiba kwamba nakisi ya serikali kuu, ukiondoa athari za uchumi kuyumba, isizidi asilimia 0.35 ya pato la taifa, wanaiita breki ya deni. Novemba 2023 mahakama yao ya katiba iliwazuia kuhamisha ruhusa ya kukopa yuro bilioni 60 zilizobaki za korona kwenda kwenye mambo mengine, na ugomvi wa bajeti ukavunja serikali yao mwaka mmoja baadaye. Halafu Machi 2025 wakailegeza wenyewe, wakatoa nafasi ya mfuko wa yuro bilioni 500.

Lakini angalieni tofauti hii, maana ndiyo inayoniuma. Wao waliweka breki kwenye spidi. Sisi tuliweka dari kwenye namba, trilioni 9 mwaka 2019, tukaikaribia, 2022 tukainua hadi trilioni 10, 2023 tukaacha shilingi tukaenda kwenye asilimia 55 ya pato la taifa. Dari haikusumbui hata kidogo mpaka siku kichwa kinagonga, na siku hiyo pesa zimeshaliwa, kilichobaki ni kuinua dari. Breki unaikanyaga kila bajeti ukitaka usitake.

Nimemtumia braza haya yote kwa voisi ya dakika sita. Amejibu kwamba amesikia, na anauliza kwa kuwa deni ninalomdai lilishuka lenyewe mwaka ule, si angeweza kusubiri tu lishuke tena?