Stika Moja, Darasa Zima

"Shuleni simu ni marufuku. Sasa huo uonevu wa mtandaoni unaihusu nini shule?" Mzazi mmoja aliuliza hivyo kwenye kikao cha wazazi, Ilemela, Mwanza.

Tuchukue mfano wa msichana wa kidato cha tatu, shule ya kutwa. Wanafunzi wenzake wana kundi la WhatsApp, wengi wakitumia simu za mama au kaka zao. Jumamosi usiku mmoja wao anachukua picha ya msichana huyo akiwa amefumba macho, anaigeuza stika na kuiandikia neno la kumdhihaki. Kila anayeifurahia stika huihifadhi, na hata ikifutwa kwenye kundi inabaki katika simu yake, tayari kutumwa tena. Jumatatu binti anaingia darasani, mtu anacheka nyuma yake, na yeye hajui kama ndiye anayechekwa.

Kutojua huko ndiko kunakomla. Anayetukanwa uwanjani anawajua waliosikia, na jioni akipanda daladala ya Igoma anawaacha nyuma. Huyu hana pa kuwaacha. Anakesha akiwaza nani kaona na nani bado. Baadaye tumbo linamuuma kila Jumatatu, hanyooshi tena mkono darasani, anaomba kubadilishiwa dawati, alama zinashuka. Mwaka 2019 UNICEF iliwauliza vijana wa nchi 30: mmoja kati ya watatu alisema ameonewa mtandaoni, na mmoja kati ya watano alisema amewahi kukosa shule kwa sababu ya uonevu huo na ukatili. Hiyo namba ya pili ndiyo inayonikaa moyoni, maana kwenye daftari la mahudhurio mtoto huyo ameandikwa mtoro tu.

Walimu wanaotetea marufuku wana hoja. Simu darasani inavuruga masomo, na mwalimu mwenye wanafunzi wengi hawezi kuzichunga zote. Wanasema pia kwamba ya Jumamosi usiku ni ya wazazi. Sipingani nao kuhusu simu kubaki nyumbani.

Lakini mtazame binti yule akitaka kusema. Ushahidi uko kwenye simu. Akiupeleka kwa mwalimu wa nidhamu, amekiri kwamba anatumia simu, na huenda ameileta shuleni. Atachapwa yeye kwanza, simu itazuiliwa, na mama atajua kwamba simu yake ndiyo iliyotumika. Aliyetengeneza stika anaijua hesabu hiyo vizuri kuliko sisi. Kwa hiyo tunapomwita mwathirika msiri au mwoga, tunamwonea mara ya pili. Amepima gharama ya kusema, akaona kunyamaza ni nafuu.

Shule inaweza kuibadili gharama hiyo kwa kanuni moja, itangazwe mstarini na kubandikwa ubaoni: anayetoa taarifa ya uonevu haadhibiwi kwa kosa la simu. Kama simu ameileta, simu hiyo inakabidhiwa kwa mzazi. Wapo watakaohofia kwamba kila atakayekamatwa na simu atajidai mwathirika. Hofu hiyo inazibika: kinga ni ya aliyekuja mwenyewe kabla ya kukamatwa.

Baada ya hapo anasikilizwa na mwalimu wa malezi, faraghani. Ushahidi uhifadhiwe kabla ya kufuta chochote: picha ya skrini inayoonyesha tarehe na namba ya mtumaji, kwa sababu jina la kwenye wasifu hubadilishwa kwa dakika moja. Kisha kiongozi wa kundi aifute stika kwa wote, kama bado inawezekana, na kila aliyeihifadhi aiondoe mbele ya mzazi wake. Kumsimamisha mkosaji mstarini na kutaja kisa ni kosa kubwa, maana hata wasioiona stika wataitafuta jioni hiyohiyo.

Ikiwa ni picha ya utupu ya mtoto, mwalimu asiinakili wala kuisambaza kwa wenzake. Hiyo ni kazi ya Dawati la Jinsia na Watoto la polisi na ofisa ustawi wa jamii. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 23, inataja faini isiyopungua shilingi milioni tano au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote viwili, kwa uonevu wa mtandaoni, lakini Sheria ya Mtoto ya 2009 hairuhusu mtoto kuhukumiwa kifungo. Kwa hiyo kumtisha mwanafunzi wa miaka 15 kwa jela ni kumdanganya, na watoto huligundua hilo mapema.

Binti akisema amechoka kuishi, aulizwe waziwazi kama anafikiria kujiua. Swali hilo halimpandikizii wazo. Asiachwe peke yake, mzazi aitwe, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Namba 116, simu ya huduma kwa mtoto, haitozi malipo.

Wiki mbili baadaye mwalimu amwite tena. Asimuulize tu kama stika imekoma. Amuulize anakaa na nani darasani, na mapumziko anakula na nani.