Posti Iliyopangwa Jumapili, Habari Iliyotokea Jumatano

"Mimi nashona mapazia hapa Nakuru. Posti za wiki nzima nazipanga Jumapili jioni ili siku za kazi nishike cherehani tu. Sasa naambiwa nisome habari kila asubuhi kabla hazijatoka. Habari mbaya Kenya haziishi. Kweli ni lazima?"

Ijumaa ya tarehe 8 Agosti 2025, jioni, basi la shule lililokuwa limebeba waombolezaji waliotoka mazikoni lilipata ajali kwenye mzunguko wa Coptic, hapa Kisumu. Zaidi ya watu 20 walifariki. Wakati huo nilikuwa nasimamia ukurasa wa mteja anayekodisha mabasi, na posti yake ya Jumamosi saa moja na nusu asubuhi ilikuwa imepangwa tangu Jumatatu. Picha ilikuwa ya basi likikata kona. Maneno yalisema: "Mazishi, harusi au safari ya shule? Tuachie sisi, tutawafikisha."

Jumatatu hakuna aliyeona kasoro, na kwa kweli haikuwepo. Nilipoikumbuka ilikuwa saa nne usiku, nikasikia mwili ukinisisimka. Nilifungua Planner kwenye Meta Business Suite, nikairudisha posti kwenye rasimu, kisha nikampigia mteja. Jirani yake mmoja alikuwa bado anamtafuta ndugu yake hospitalini.

Kisa hicho ndicho kinachonifanya niseme ukaguzi una kazi. Lakini tazama vizuri kilichokuwa hatari pale. Posti ilitaja basi, mazishi na shule, na vyote vitatu vilikuwa ndani ya ajali yenyewe, mji ule ule, saa kumi na nne tu baadaye. Kama mteja wangu angekuwa anauza mapazia, posti ya "Pazia la sebuleni, tunapima nyumbani kwako" ingetoka asubuhi ile bila kumjeruhi mtu. Watu hununua mapazia hata wiki yenye msiba, na wakati mwingine huyanunua kwa sababu wageni wa matanga wanakuja.

Kwa hiyo wanaopinga ukaguzi wa kila siku wana hoja nzito, na mimi siwapuuzi. Ukisimamisha biashara kwa kila kichwa cha habari kibaya, hutauza. Barabara ya Nakuru kwenda Eldoret peke yake inaweza kukunyamazisha Desemba nzima. Mfanyabiashara mdogo hana idara ya mawasiliano. Ana simu moja, na simu hiyo hiyo ndiyo ya M-Pesa, ya wateja na ya mwalimu wa mtoto. Alipanga posti Jumapili ili apate muda. Ukimrudisha kwenye simu kila asubuhi, umemnyang'anya kile alichokuwa anakitafuta.

Tena vichwa vya habari ni kipimo kibovu kwa kazi hii. Gazeti la asubuhi lilichapishwa usiku. Bwawa la Patel kule Solai, kaunti yako ya Nakuru, lilipasuka usiku wa Jumatano tarehe 9 Mei 2018 na kuua watu zaidi ya 40. Aliyetegemea ukurasa wa mbele wa Alhamisi hangeona uzito wake. Na kinyume chake, habari inayotawala nchi nzima inaweza kuwa mabishano ya bungeni ambayo hayamhusu mteja wako hata kidogo, huku msiba wa mtaa wako haujafika redioni.

Kuna udhaifu mwingine ambao wanaoshauri "soma habari saa moja asubuhi" huusahau. Jumatano ya tarehe 15 Oktoba 2025, Raila Odinga alifariki India asubuhi. Taarifa ya habari ya saa moja haikuwa na jambo hilo. Huku Kisumu tuliamka na siku ya kawaida, maduka yakafunguliwa, kisha katikati ya asubuhi simu zikaanza kuita. Aliyekuwa amekagua habari saa moja na kuridhika, posti yake ya saa sita mchana ilitoka kama ilivyopangwa, kwenye mji ambao watu walikuwa wameshaingia barabarani na matawi ya miti mkononi. Siku kubwa kuliko zote mwaka ule, ukaguzi wa alfajiri haukusaidia kitu.

Nilichojifunza siku ile ni kwamba ukaguzi unapaswa kufanywa dakika kumi kabla ya posti kutoka. Ndiyo maana siku hizi sipangi posti ya mteja saa ambayo sina uhakika nitakuwa macho na simu iko karibu. Posti ya alfajiri, au ya katikati ya ibada Jumapili, siiweki kabisa, hata kama takwimu za ukurasa zinasema wasomaji wako pale. Wengine watasema napoteza wasomaji. Ni kweli, napoteza wachache, na hasara hiyo naikubali.

Siku ile ile ilinifundisha pia tofauti ya kunyamaza na kulia. Majuma machache kabla, uvumi kuhusu afya ya Raila ulikuwa umesambaa na ukakanushwa. Kwa hiyo habari zilipoanza kuzagaa tena, wengi hawakujua waamini nini. Kusimamisha posti wakati huo hakukugharimu kitu: kama ni uongo, unairudisha baada ya saa mbili. Lakini kutoa rambirambi yenye nembo ya duka lako kabla jambo halijathibitishwa ni kosa lisilofutika, maana picha ya skrini hubaki hata ukiifuta posti. Uvumi unatosha kukunyamazisha. Hautoshi kukufanya uzungumze.

Kosa lililotokea zaidi wiki ile, kwa niliyoyaona mwenyewe, lilikuwa la kusogeza mbele. Mtu aliihamisha posti ya Jumatano akaiweka Jumamosi, akidhani mambo yatakuwa yametulia. Jumamosi tarehe 18 ndiyo siku mwili ulipoletwa uwanja wa Mamboleo hapa Kisumu watu wauage. Mazishi yalikuwa Bondo Jumapili tarehe 19. Serikali ilikuwa imetangaza siku saba za maombolezo. Posti ya "Wikendi ni ya kujiachia" ilitoka huku foleni ya waombolezaji ikiwa barabarani, nje ya mlango wa mwenye posti. Ndiyo maana nasema posti iliyosimamishwa irudi kwenye rasimu, isipewe tarehe mpya mpaka mtu aisome tena.

Na kosa la pili ni tangazo la kulipia. Ukiisimamisha posti kwenye kalenda, tangazo ulilolilipia juzi kwa siku saba linaendelea kutembea kwenye simu za watu, maana hilo linaongozwa kutoka Ads Manager na huzimwa kule. Vilevile posti iliyokwisha kutoka Facebook na Instagram kwa pamoja ni vitu viwili. Ukifuta huku, kule inabaki. Wengi waliotukanwa wiki ile walikuwa wameshasimamisha kila kitu walichokiona kwenye kalenda. Kilichowaumiza ni kile ambacho hakikuwa kwenye kalenda.

Hata hivyo kunyamaza kabisa nako kulikuwa na ubaya wake. Maelfu walikuwa wanakuja Kisumu na Bondo, wakitafuta pa kulala, maji na gari la kurudi. Nyumba ya wageni iliyoandika "Vyumba vipo, bei ni ile ile, piga namba hii" ilisaidia watu, na hakuna aliyeinung'unikia. Iliyotumia neno "ofa" ilishambuliwa, ingawa ilikuwa inauza kitanda kile kile. Tofauti ilikuwa ya neno moja, na hapo ndipo nafika kwenye swali lako, dada.

Kazi kubwa ifanyike Jumapili jioni, unapoandika. Lugha yetu ya biashara imejaa majanga: "ofa moto", "bei zimeporomoka", "mafuriko ya punguzo", "tumeua bei". Siku za kawaida hakuna anayesikia moto wala mafuriko ndani ya maneno hayo. Lakini hebu weka "mafuriko ya punguzo" Nakuru asubuhi baada ya Solai, au baada ya maji kuua watu Mai Mahiu tarehe 29 Aprili 2024. Weka "bei zimeporomoka" asubuhi ya tarehe 1 Novemba 2025, udongo ulipokuwa umeporomoka na kuwafukia watu kule Chesongoch, Elgeyo Marakwet, usiku. Posti iliyoandikwa "pazia la mita mbili sasa ni shilingi kadhaa" inapita siku hizo zote bila kumgusa mtu kwenye kidonda. Ukiyaondoa maneno hayo Jumapili, sehemu kubwa ya ulichokuwa ukague kila asubuhi inakuwa imeondoka.

Kinachobaki ni kidogo. Kwenye posti saba za wiki, tia alama zile zenye furaha ya wazi, mzaha, sherehe, au kitu kinachofanana na ajali: gari, gesi, umeme, maji, watoto wa shule. Kwa mshona mapazia huenda ni moja au mbili. Hizo ndizo zinazostahili dakika kumi zako. Fungua redio ya huko kwenu, soma kundi la WhatsApp la mtaa au la soko, kisha jiulize kama kuna aliyefiwa karibu nawe anayeweza kuisoma posti hii leo na kudhani unamsema yeye. Nyingine ziache zitoke zenyewe, isipokuwa siku ambayo nchi nzima imesimama; na siku hiyo hutahitaji kuitafuta kwenye vichwa vya habari, kelele za nje zitakufikia kabla hujaketi kwenye cherehani.

Wapo wenzangu wa kazi hii watakaoona nimelegeza mno. Wao hukagua kila posti, kila siku, na kwa benki au kampuni ya mabasi nakubaliana nao kabisa: ukurasa wenye wafuasi wengi hauna posti ndogo, na wana mtu anayelipwa kufanya kazi hiyo. Kwako wewe ratiba kama hiyo utaifuata wiki mbili kisha utaiacha, na posti moja ya sherehe itapita siku ambayo hutakuwa umeangalia.

Posti ya yule mteja wa mabasi ilikaa kwenye rasimu wiki nne. Tulipoirudisha, tuliondoa picha ya basi likikata kona tukaweka ya dereva akikagua matairi, na "tutawafikisha" tukaitoa. Neno "mazishi" mteja alisisitiza libaki, kwa sababu familia humpigia kila wiki zikitafuta gari la kupeleka watu mazikoni, na zinahitaji kujua wapi pa kulipata.