Mimi Hamburg, begi sijui liko wapi

Wazee mimi nimekuja huku Ujerumani kusomea unesi, nina cheti cha Kijerumani cha B1 nilichokipata kwa jasho langu na maombi ya mama, nikajua basi lugha tayari. Kumbe B1 inatosha kununua mkate. Kumdai Mjerumani hela kwa Kijerumani, hapo ndo unajua ile ni herufi na namba tu.

Sikieni. Tarehe 14 Januari natua Hamburg kutoka Dar, njiani tumebadilisha ndege, muda wa kubadilisha dakika 50, mimi nilikimbia nikawahi, begi ndo halikukimbia. Nimesimama pale kwenye mkanda, mabegi yanazunguka, watu wanachukua wanaondoka, mwisho tumebaki mimi na begi moja la pinki, kila likipita tunaangaliana. Na jaketi langu la baridi liko ndani ya begi! Maana na joto lile la Dar nani atatoka nyumbani amevaa jaketi zito, majirani wangesema nimeshapagawa kabla hata sijafika. Nje nyuzi 4 chini ya sifuri, mimi na kishati cha mikono mifupi.

Dada wa dirisha la mizigo wala hakushtuka. Akaomba kile kistika wanachokubandikia nyuma ya bodingi pasi, chenye tarakimu kumi, ambacho mimi nilikuwa nakaribia kukifungia bigijii, akajaza ripoti, akanipa karatasi yenye namba inayoanzia na HAM, kisha herufi mbili za shirika, kisha tarakimu tano. Akasema nenda nyumbani tutakupigia. Sa nyumbani mimi nilikuwa sina hata soksi.

Nikanunua. Jaketi euro 79.90, boxa na soksi 24.95, suruali na shati la kuanzia masomo 49.98, mswaki na mazagazaga ya bafuni 11.40. Jumla 166.23, na kila nikilipa nabadilisha kichwani kuwa shilingi halafu naumwa tumbo. Kofia nilinunua sokoni kwa mzee mmoja, euro 8, risiti hamna, kumbukeni hiyo kofia.

Begi likaja tarehe 20. Siku sita. Dereva ananikabidhi, naona limefungwa tagi kubwa imeandikwa RUSH, yaani haraka. Siku sita jamani, halafu RUSH! Ndani dagaa wamefanya kazi yao, mpaka cheti cha kuzaliwa kinanukia Mwanza.

Nikatulia, nikajua wale watu wana ripoti yangu, hela itakuja. Tarehe 4 Februari nakutana kwenye ngazi na bibi wa ghorofa ya chini, mstaafu, alikuwa karani miaka mingi, akaniuliza umeshawaandikia? Nikamwambia si waliandika wenyewe ripoti. Yule bibi alinitazama kama mtu aliyepakua wali kwenye beseni la kufulia. Akasema ile karatasi inaonyesha begi halikufika, haionyeshi kwamba unadai kitu. Kwa Mkataba wa Montreal wa 1999, ule wa safari za ndege za kimataifa, begi likichelewa unalalamika kwa maandishi ndani ya siku 21 tangu ulipokabidhiwa, ukipitisha umeachia. Nikahesabu vidole: mwisho tarehe 10. Zimebaki siku sita, na mimi nimekaa nakula dagaa.

Usiku huohuo nikaandika barua kama nilivyolelewa. Nikawasalimia. Nikawaombea wawe wazima na familia zao. Nikajieleza, nikaomba radhi kwa usumbufu (usumbufu wangu kwao!), aya ya tatu ndo begi likatokea, nikaweka na sentensi niliyoipenda sana, "Ich vermisse meinen Koffer sehr", yaani nalimisi sana begi langu. Asubuhi nikampelekea bibi. Akavaa miwani, akatoa kalamu nyekundu, akafika kwenye hiyo sentensi akacheka mpaka akashika meza, anasema hii unamwandikia mke aliyekukimbia. Salamu akakata. Familia akakata. Kwenye barua yote kikabaki "Sehr geehrte Damen und Herren", yaani waheshimiwa mabibi na mabwana, halafu na koma, na baada ya koma unaanza na herufi ndogo, hiyo nayo nilikosea.

Akaandika yeye mstari wa kwanza: "hiermit mache ich Schadensersatz wegen verspäteter Gepäckauslieferung geltend." Yaani nadai fidia kwa kucheleweshewa mzigo. Sasa angalieni hicho kitenzi, "geltend machen", wamekikata vipande viwili, "mache" iko mwanzoni, "geltend" imeachwa huko mwisho wa sentensi, katikati maneno kibao. Ni mimi na begi langu kabisa, mmoja amefika mwingine tunamsubiri.

Baada ya hapo ni ukavu tu: tarehe na namba ya ndege, ile namba ya HAM, namba ya kistika, siku ya kupokea begi, orodha ya manunuzi na risiti zimeambatanishwa. Risiti zenyewe moja ilishaanza kufifia kwa sababu niliikalia mfukoni, karatasi zile maandishi yake hayadumu, nikapiga picha zote mbio. Kofia ya sokoni bibi akaipiga mstari. Nikamwambia basi tuweke euro 500 za baridi na aibu. Akauliza, risiti ya aibu iko wapi?

Nikabisha, maana nilishasoma kwamba mkataba unataja kikomo cha 1,519 za ile sarafu ya hesabu ya IMF, kama euro 1,800 hivi, nilishaanza kuzipangia bajeti. Akanipoza, hicho ni kikomo cha juu kwa abiria mmoja, hawakugawii kama pilau ya msibani, unalipwa hasara unayoweza kuithibitisha. Ila akasema nina bahati moja, mimi ni mgeni. Ingekuwa naishi hapa narudi kutoka likizo wangeniambia kabati lako si liko nyumbani, nguo za nini. Akaongeza sentensi kwamba ndo kwanza nahamia na nguo zangu zote zilikuwa kwenye hilo begi.

Mwisho akaniandikisha walipe hadi tarehe 18 Februari, na namba ya akaunti. Mkono ulitetemeka! Kwetu unayemdai unampigia unauliza hali ya watoto, hapa unampa tarehe. Nilitaka niweke "mkipata nafasi", akaninyang'anya kalamu. Nikatuma kupitia fomu yao, nikapiga picha ule ujumbe wa kuthibitisha.

Wakajibu baada ya siku tisa, wanasikitika sana, wananipa vocha ya euro 50 kwa safari ijayo. Safari ijayo na nyie? Bibi akaniambia usibonyeze kukubali, jibu mstari mmoja kwamba unataka hela. Nikajibu, na kwa mara ya kwanza sikumsalimia mtu.

Juzi imeingia euro 126.28. Nikapiga hesabu, vitu vingine vyote wamelipa, ila jaketi wamelipa 39.95, nusu, eti kwa kuwa limebaki kwangu na naendelea kulivaa. Bibi anasema naweza kuendelea kubishana, wasipoelewana na mimi kuna usuluhishi wa bure kule Berlin, na mahakamani nina miaka miwili. Nimesema ngoja nipumzike. Ila kila asubuhi kwenye kituo cha basi nalivaa nalitazama, nashindwa kujua mkono upi ni wangu na upi ni wa shirika.