Mjomba kasahau PIN, ukoo mzima umezibwa mdomo

Hivi nani aliwaambia ndugu zangu kwamba mimi ndo fundi simu wa ukoo?? Nauza vipuri vya bodaboda mimi, sijasomea hayo mambo, ila kwa vile kuna siku nilimrekebishia mtu saa ya simu basi imekua balaa, kila kitu kinachowaka taa naitwa mimi.

Sasa hii ya Mjomba ndo imenimaliza kabisa. Mjomba ndo mwenyekiti wa kamati ya harusi ya binti yake, grupu la WhatsApp kafungua yeye, na kwa sababu watu walikua wanatuma matangazo ya dawa za kienyeji na picha za asubuhi njema akachukia akaweka mpangilio kwamba anaeandika ni admin peke yake. Admin ni yeye tu. Watu sabini na kitu humo ndani tumekaa kama mahabusu tunamsubiri Mjomba aseme michango imefika wapi. Na Mjomba ndo kanunua simu mpya, anahamishia WhatsApp huko.

Kanipigia. Shikamoo Mjomba. Marahaba, sikia, hii namba ya PIN haijafika mpaka sasa hivi, mtandao wa huku umekufa. Namuuliza PIN gani, ananiambia hiyo wanayoitaka, nimeshatoka mpaka nje chini ya mwembe nasubiri meseji.

Nikajua tu hapa tumekwisha. Kuna vitu viwili vyote vina tarakimu sita na watu wanavichanganya kila siku. Cha kwanza ni code inayokuja kwa SMS, ile kila unapoingia upya inakuja nyingine. Cha pili ni PIN uliyoitunga wewe mwenyewe siku ulipowasha ile Two-step verification, yaani kufuli la pili la WhatsApp, na hiyo haitumwi na mtu yeyote, hata ukikaa chini ya mwembe mpaka zianguke embe. Kama code ya SMS umeshaiingiza ikakubali halafu bado unaulizwa tarakimu sita, jua hapo unaulizwa kilichopo kichwani kwako. Mjomba alikua anarudia kuingiza ile ile ya SMS, inakataa, anaitukana kampuni ya laini masikini ya Mungu haihusiki kabisa.

Basi jioni nikaenda kwake. Namuuliza hiyo PIN ulitunga lini, anasema kipindi kile mtoto wa dada yake alivyoibiwa akaunti mwizi akawa anaomba watu hela kwa jina lake, yeye akaogopa akaweka PIN ambayo hakuna binadamu atakaeibahatisha. Hongera Mjomba, umefaulu.

Tukaanza kukisia. Kaweka ya kutolea hela, nikamwambia hiyo ina tarakimu nne Mjomba, hapa wanataka sita. Kaweka mwaka wa kuzaliwa kaongezea sifuri mbili, imegoma. Kakuna kichwa akasema aah nimekumbuka, ni tarehe ya ndoa, akawa anazitaja kwa sauti huku anabonyeza, siku, mwezi, mwaka. Mkaza mjomba alikua anachambua mchele pale pale mkekani, akasimamisha mkono. "Baba fulani, hiyo sio tarehe ya ndoa yetu." Kimya. "Ni ya nani?" Jamani nilitamani nipotelee kwenye ule ungo. Na PIN yenyewe imekataa vilevile, yaani kesi ameipata na mlango haujafunguka! Halafu ukikosea kosea sana na yenyewe inakwambia subiri kwanza ndo ujaribu tena, ikabidi tukae tu tunaangaliana, mimi na Mjomba na mchele.

Nikagusa pale palipoandikwa Forgot PIN? nikiomba Mungu awe aliweka imeili, maana siku unatunga PIN huwa wanakuuliza imeili, ukiweka basi ukisahau unatumiwa kiungo huko unaifuta unaweka nyingine, dakika tano umemaliza. Mjomba alipoulizwa imeili aliruka, anasema yeye sio mtu wa maofisini. Haya, asie na imeili anasubiri siku 7. Siku saba nzima, na hakuna wa kumhonga.

Na kinachoniuma zaidi, simu ya zamani ilikua ipo pale pale mezani, kioo kimepasuka lakini inawaka! Angenipigia KABLA, tungeingia kwenye ile ya zamani, Settings, Account, Two-step verification, tukabadilisha PIN palepale bila kuulizwa ya zamani, tukaongeza na imeili ya binti yake, ndo tukahamia simu mpya tukiwa tunapiga mluzi. Ila yeye alishaingiza code ya SMS kwenye simu mpya, na ukishaingiza tu ile ya zamani inatolewa nje. Kwa hiyo zamani katoka, mpya hajaingia, yupo kizingitini na ukoo wote nyuma yake.

Usiku huohuo wajuaji wakaanza. Shemeji mmoja anasema futa app uishushe upya. Ikafutwa, ikashushwa, ikauliza PIN. Mwingine akamwambia karenew laini, Mjomba kapanda daladala asubuhi kaenda kupanga foleni, karudi na laini mpya namba ileile, ikaja SMS fresh kabisa, halafu ikauliza PIN. Laini inakuletea SMS tu jamani, PIN haikai kwenye laini!! Ingekua inakaa kwenye laini si mwizi akishakuibia laini angekua kamaliza kila kitu. Fundi wa stendi nae akataka elfu kumi aiflashi simu, hapo nikagombana nae, maana kufuli lipo kwenye namba huko kwa wenye app, hata ukiichemsha hiyo simu bado litakusubiri.

Basi siku saba hizo zote napigiwa mimi. Ukimtumia Mjomba meseji inabaki tiki moja, na kwa vile hata ukiblokiwa ni tiki moja, upande wa bwana harusi wameamua kwamba wameblokiwa. Mama mkwe mtarajiwa kapiga simu analia, mbona tumekosana na harusi bado. Wa maturubai anataka advansi. Kwenye grupu hatuwezi kuandika. Kufungua grupu jipya baba mdogo kakataa, anasema ni kumpindua mwenyekiti akiwa hai.

Siku zilipoisha ikakubali kuweka PIN mpya, tukaweka, grupu likarudi na cheo chake cha admin kikarudi nacho. Nikamsisitiza weka imeili, kaweka ya binti. Nikapanda boda narudi zangu, roho kwatu.

Sijafika hata nyumbani simu inatetema, grupu la harusi limefufuka. Meseji ya kwanza ya Mjomba baada ya wiki nzima: "Wapendwa, ili nisisumbue tena watu, PIN yangu mpya ni hii, nitunzieni." Kaiandika yote sita, na nukta mwishoni.

Watu sabini na kitu tumeiona na hakuna hata mmoja mwenye uwezo wa kumjibu afute. Nampigia, hapokei. Mkaza mjomba ndo kapokea, ananiambia ngoja kwanza, bado namuuliza ile tarehe.