Ahadi iliyozidiwa haijafa

Wiki hii nimeisikia tena hoja inayoniudhi: ukishaona ahadi itazaa madhara, basi imekufa, itupe uendelee na safari yako. Wapo pia wale wa "ahadi ni deni" hata watu wakiangamia. Hao nao wamekosea, ila kosa lao linaonekana upesi. La wenzao linajificha.

Mwanafalsafa W. D. Ross aliliweka sawa mwaka 1930. Kutimiza ahadi ni wajibu wa awali: unakufunga mpaka wajibu mwingine, mzito zaidi katika hali ileile, uuzidi. Faida ndogo ya ziada haitoshi kuuzidi. Na ukizidiwa, haufutiki. Hapo ndipo watu wanapoteleza.

Chukua mfano. Rafiki anakuapisha usimwambie mtu, kisha anakueleza kwamba mwezi huu ameanguka kifafa mara mbili, na kesho usiku anaendesha basi la abiria. Madhara yanayohofiwa ni vifo, hatari si ya kudhania, na abiria hawajui lolote. Ahadi imezidiwa, sina shaka. Lakini kama ingekuwa imekufa, ungekuwa huru kumtangaza kwa yeyote umtakaye. Huna uhuru huo hata kidogo, na hilo ndilo linaloonyesha kwamba ahadi bado ina nguvu.

Kwanza unarudi kwake. Aliyeahidiwa ndiye mwenye uwezo wa kukufungua, kwa hiyo unamwomba akufungue, au aende mwenyewe kwa daktari na kwa msimamizi wake kabla ya zamu ya kesho. Akikataa, unamwambia usoni kwamba utasema, na utamwambia nani. Kisha unamwambia mtu mmoja tu, yule anayeweza kumwondoa kwenye usukani, na unamwambia lile tu linalohusu usukani. Matatizo ya ndoa aliyokumwagia usiku uleule yanabaki kifuani mwako. Baadaye bado unadaiwa: kusimama naye kwenye matibabu, kumsaidia kutafuta kazi nyingine, kuvumilia hasira yake. Ross alisema tunapovunja ahadi kwa haki hatupaswi kuona aibu, lakini moyo utatusuta kidogo, na tuna wajibu wa kumfidia tuliyemwahidi. Naamini hivyo kabisa. Asiyesutwa hata chembe, mimi simpi siri yangu.

Wapinzani wa Ross hulalamika kwamba hakutoa mizani ya kupimia, kwamba mwishowe kila mtu anaamua kwa jicho lake. Ni kweli, nakubali shingo upande. Watu wawili waadilifu wanaweza kutofautiana. Rafiki yuleyule angekuwa ameanguka mara moja tu, miaka mingi iliyopita, anameza dawa bila kuruka na daktari wake anajua kazi anayoifanya, mimi ningenyamaza. Najua wasomaji ambao wangesema.