Takbira iliyotuinamisha kabla ya imamu

"Usiku wa tano wa Ramadhani, rakaa ya mwisho ya witri, imamu mgeni alimaliza sura akatoa takbira. Safu nzima tukarukuu, kumbe yeye amesimama, anasoma kitu kimyakimya. Alikosea? Na swala yetu je?"

Hakukosea, na swala yenu ni sahihi. Aliyemtangulia imamu kwa nguzo moja bila kukusudia swala yake haibatiliki; akigundua, ainuke asimame naye.

Imamu huyo alisoma kunuti ya Kihanafi. Kwao witri ni rakaa tatu kwa salamu moja. Katika ya tatu, baada ya sura, huinua mikono, hutoa takbira, hufunga tena mikono na kusoma kunuti kwa siri kabla ya rukuu, mwaka mzima. Maneno yao mashuhuri ni yale yaliyopokewa kwa Umar, "Allahumma inna nastainuka wa nastaghfiruka", yaani tunakuomba msaada na msamaha.

Sisi wengi hapa Lubumbashi tumerithi njia ya Kishafii kutoka pwani. Kunuti ya witri tunaingoja nusu ya pili ya Ramadhani, kuanzia usiku wa 16, na tunaisoma baada ya kuinuka kwenye rukuu, imamu akipaza sauti nasi tukiitikia amina. Ndugu zetu Wamali na Wasenegali, ambao ni Wamaliki, kwa kauli mashuhuri hawana kunuti ya witri kabisa. Yao ni ya alfajiri, kwa siri. Basi safu moja, masikio matatu.

Dalili ya kungoja nusu ya pili ni habari ya Ubayy bin Kaab alipowaswalisha watu zama za Umar, katika Abu Daud. Tatizo ni kwamba Hasan al-Basri anayeisimulia hakumdiriki Umar, kwa hiyo sanadi imekatika. Upande wa pili, Hasan bin Ali anasema Mtume (s.a.w.) alimfundisha maneno ya kusema katika witri, "Allahumma ihdini fiman hadayta", bila kutaja Ramadhani. Tirmidhi aliipa daraja la hasan. Nawawi, Mshafii, alikiri kwamba kauli ya mwaka mzima ina nguvu kidalili. Nami naelemea huko, ingawa simlaumu anayengoja.

Kuhusu mahali, sioni sababu ya ukali. Nasai amepokea kwa Ubayy kwamba Mtume alikunuti kabla ya rukuu. Kunuti ya baada ya rukuu ina hadithi thabiti katika dua za misiba, na Mashafii na Mahanbali wakaipeleka kwenye witri.

Ninachokitaka kwa imamu mgeni ni sentensi moja kabla ya kuhirimia: "Nitakunuti kabla ya rukuu, msiiname." Akiwa anasoma kwa sauti, aseme "ihdina", utuongoze, badala ya "ihdini", maana amina za nyuma yake ni za watu wengi.